Mgonjwa wa mofini kaamka kwa naloksoni, saa moja baadaye kazima tena. Naloksoni ilikuwa mbovu?

Nesi_wa_Zamu

Wakuu habari zenu. Kuna jambo lilinitokea zamu ya usiku na nimelirudia kichwani mpaka nimechoka, naomba wenye ujuzi mnifafanulie.

Mgonjwa ni mzee wa miaka 68, saratani ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa. Alikuwa na wiki tatu anakunywa mofini ya maji, miligramu 10 kila baada ya saa 4, na ilikuwa inamfaa: anakula kidogo, anaongea, anatania watu. Siku mbili za mwisho akaanza kutapika na mkojo ukapungua sana. Usiku ule ndugu yake akaja kuniita, "nesi, hebu njoo, anakoroma vibaya." Nilikuta hashtuki kwa jina lake. Nikimtikisa anafungua macho nusu, kisha anarudi kulala. Mboni zimekuwa ncha ya sindano. Nikahesabu pumzi dakika nzima, nikapata 6. Kilichonichanganya ni oksimita kusoma asilimia 95. Alikuwa na oksijeni ya puani tangu mchana.

Daktari akaagiza naloksoni, dawa ya kuzuia mofini, 0.4 mg, yote kwenye mshipa kwa mkupuo mmoja. Haikupita dakika mbili mzee akaketi kitandani, jasho linamtiririka, anapiga kelele za maumivu, anatapika, presha imepanda. Lakini pumzi 20. Tukashukuru Mungu. Baada ya dakika hamsini napita tena, namkuta pumzi 7, anakoroma vilevile.

Swali la kwanza, ile naloksoni ilikuwa mbovu? La pili, mtu aliyekunywa dozi ileile wiki tatu si mwili ulishazoea? Imuangusheje siku ya ishirini na moja?

Mjuvi

Dada, jibu ni fupi. Naloksoni inaiharibu mofini mwilini. Ampulo moja inaharibu kiasi fulani tu, iliyobaki ikaendelea na kazi. Mngempa mbili asingelala tena.

Fundi_Usingizi

Mjuvi, hapo umekosea, na ni kosa linaloua watu, kwa hiyo nisamehe nikilishikilia kidogo.

Naloksoni haiharibu mofini hata chembe. Inachofanya ni kukaa kwenye kipokezi mahali ambapo mofini ilikuwa imekaa, na ikishakaa haifanyi kazi yoyote. Mofini yote iko palepale kwenye damu, inazunguka, inasubiri nafasi. Sasa tazama saa. Naloksoni nusu yake huondoka mwilini kati ya dakika 30 na 80 hivi kwa mtu mzima, na nguvu yake inayoonekana kwa macho mara nyingi haizidi saa moja na nusu. Nesi, dakika zako hamsini ndizo hizo. Dawa haikuwa mbovu. Ilikuja, ikafanya kazi yake, ikaondoka, na mwenye kiti akarudi kitini.

Ampulo mbili zingempa mzee maumivu makali zaidi kwa muda uleule au zaidi kidogo. Hazingetatua kitu.

Ila kuna swali ambalo hujauliza, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Mofini ya kawaida nusu yake huondoka ndani ya saa 2 hadi 3. Huyu alikuwa anatapika, huenda hata dozi za mwisho hazikukaa tumboni. Kwa nini basi dawa ilikuwa nyingi mwilini kiasi hicho? Mlipima kreatinini, ile taka inayotolewa na figo?

Nesi_wa_Zamu

Majibu yalitoka asubuhi. Kreatinini 412. Wiki mbili kabla ilikuwa 98.

Fundi_Usingizi

Basi huyo ndiye mwizi.

Ini likiichukua mofini linaigeuza kuwa vitu viwili vikuu. Kimoja, M3G, hakitulizi maumivu. Cha pili ni M6G, nacho kinashika vipokezi vilevile na kutuliza kama mofini yenyewe. Vyote viwili hutoka kwa mkojo. Figo zikifunga, M6G haina pa kwenda. Kila dozi ya saa 4 inaongeza juu ya iliyokuwapo, na kwa kuwa M6G huingia kwenye ubongo polepole na kutoka polepole, mgonjwa hazimi ghafla. Anaanza kusinzia mchana, watu wanasema "leo amepumzika vizuri", kisha usiku anakoroma. Mtu wa namna hii anaweza kuhitaji naloksoni siku nzima au mbili. Ukimpa mkupuo mmoja ukaondoka, hujampa tiba, umemwonjesha.

Saratani ya tezi dume huweza kubana mirija ya mkojo kutoka pande zote mbili. Ukichanganya na kutapika na kukosa maji, figo hazina ujanja.

Kuhusu oksimita: ile 95 ilikudanganya kwa sababu ya oksijeni ya puani. Ukimpa mtu oksijeni ya ziada, hata akivuta pumzi 6 za hovyo damu itabaki nyekundu kwa muda mrefu. Kinachopanda kimyakimya ni kabondioksaidi, na oksimita haiijui hiyo. Wewe ulihesabu pumzi dakika nzima na ukaangalia kama anaamshika. Hicho ndicho kipimo. Usingizi usioamshika hutangulia, pumzi hufuata. Ukingoja namba ya oksijeni ishuke kwa mtu aliyewekewa oksijeni, umeshachelewa.

Mwaka_wa_Tatu

Shikamoo daktari. Naomba kuongeza kidogo. Tulifundishwa kwamba kipokezi cha myu, kile ambacho mofini hukikalia, kiko cha aina mbili, myu 1 kinatuliza maumivu na myu 2 kinapunguza pumzi. Kwa hiyo M6G labda inapenda zaidi myu 2? Na je, si ingekuwa rahisi kutengeneza dawa ya myu 1 peke yake?

Fundi_Usingizi

Marahaba. Hicho nami nilikariri nikafaulu mtihani. Panya_Mweupe yuko humu, mwacheni ajibu yeye, hizi ndizo kazi zake za maabara.

Panya_Mweupe

Nimeitwa, nimekuja.

Mwaka_wa_Tatu, wazo la myu 1 na myu 2 lilitokana na majaribio ya zamani, ambapo kemikali fulani zilionekana kuzuia kutuliza maumivu bila kugusa pumzi sana. Lilikuwa wazo zuri. Kisha jeni zikapatikana. Ya kipokezi cha delta, ndugu wa myu, ilinaswa mwaka 1992, na nyingine zikafuata muda mfupi baadaye. Kwa myu ilikutwa jeni moja tu, OPRM1. Mwaka 1996 wakatengeneza panya wasio na jeni hiyo. Ukiwapa mofini, maumivu hayatulii, raha haipo, na ukiisimamisha dawa hakuna arosto. Wenzetu waliowapima pumzi panya wa aina hiyo nao wakakuta mofini haizipunguzi. Kipokezi kimoja kiliondoka, vyote vikaondoka pamoja. Jeni hiyo moja inaweza kukatwa na kuunganishwa kwa namna mbalimbali, hilo ni kweli na bado linachunguzwa, lakini ile picha ya nyumba mbili, moja ya maumivu na moja ya pumzi, haikusimama.

Tofauti inayofanya mofini iue haiko kwenye aina ya myu. Iko kwenye mahali ilipo. Myu iliyo kwenye uti wa mgongo inazuia habari za maumivu kupanda. Myu ileile ikiwa kwenye shina la ubongo, kwenye fungu dogo la neva liitwalo pre-Botzinga linalopiga mdundo wa kuvuta pumzi, na kwenye neva za jirani yake juu kidogo, inazima mdundo. Kazi ndani ya neva ni ileile kote: milango ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, neva inakuwa nzito kuamka, na kule mwishoni mwake kalsiamu haiingii vya kutosha kuachia ujumbe. Kwa neva ya maumivu hiyo ni nafuu, kwa neva ya pumzi hiyo ni hatari.

Ongeza jambo moja. Kwa kawaida kabondioksaidi ikipanda kidogo tu, shina la ubongo linakulazimisha upumue zaidi. Jaribu kubana pumzi uone nani anashinda. Opioidi, yaani mofini na jamii yake, zinafanya shina hilo liwe kiziwi kwa kengele hiyo. Mgonjwa hasikii kiu ya hewa. Ndiyo maana wanaokufa hivi hawahangaiki.

Mjuvi

Sawa, nimekubali la naloksoni. Lakini kuna vipokezi vingine, kapa na delta. Kwa nini wasiachane na myu wakatumia kapa?

Panya_Mweupe

Walijaribu, na dawa zenye ukapa ndani yake zipo. Kapa inatuliza maumivu na pumzi inaziacha kwa kiasi kikubwa. Tatizo ni kwamba ukiichochea kwa nguvu mtu anajisikia vibaya moyoni, huzuni nzito, wengine wanaona mambo yasiyokuwapo. Mgonjwa hapendi dawa inayomwondolea maumivu ya mguu na kumpa maumivu ya nafsi. Delta nayo ina matatizo yake, baadhi ya vichocheo vyake viliwatia wanyama degedege. Mpaka leo, kwa maumivu makali tunarudi kwa myu.

Mtu_wa_Asubuhi

Mimi si daktari. Niko kwenye methadoni mwaka wa pili, kila asubuhi napanga foleni. Nina swali langu kuhusu vipokezi hivi mnavyovisema. Mwaka jana nilitaka kuhamia buprenofini kwa sababu nilisikia ina usalama zaidi. Nilikuwa nakunywa methadoni 60 mg. Nikaruka siku moja, asubuhi ya pili nikawekewa kidonge cha 8 mg chini ya ulimi. Ndani ya saa moja nilipata arosto ambayo sijawahi kuipata hata nilipokuwa mtaani. Kuhara, kutapika, vinyweleo vimesimama, mifupa inavunjika. Wakaniambia ni wasiwasi wangu. Mimi najua haikuwa wasiwasi. Dawa ya jamii moja inaniletaje arosto?

Fundi_Usingizi

Ndugu yangu, haikuwa wasiwasi, na pole sana. Kilichokupata kinaeleweka kabisa, ngoja nikieleze taratibu maana hata wauguzi na madaktari wengi hukikosea.

Dawa hizi zina tabia mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni jinsi dawa inavyong'ang'ania kipokezi. Ya pili ni kazi inayofanya ikishakaa. Mofini, methadoni na fentanili ni agonisti kamili: zikikaa, zinakisukuma kipokezi kwa nguvu. Naloksoni ni antagonisti: inakaa, haifanyi kitu. Buprenofini ni agonisti nusu, na ndiyo yenye ukaidi kuliko zote. Inang'ang'ania kuliko methadoni na kuliko mofini, haibanduki kirahisi, lakini kazi yake ni ya nusu tu.

Wewe ulifika asubuhi ile na vipokezi vyako vimejaa methadoni, kwa sababu methadoni hukaa sana. Kwa wengine nusu yake huondoka kwa saa nane, kwa wengine zaidi ya siku mbili. Buprenofini ikaingia, ikaisukuma methadoni ikakaa yenyewe. Mwili wako uliozoea kazi kamili ghafla ukapewa nusu. Kwa mtu ambaye hajawahi kutumia, nusu hiyo ingemlewesha. Kwako ilikuwa ni kushushwa kutoka ghorofani. Dawa ileile kwa mtu mmoja inachochea, kwa mwingine inazuia. Inategemea imemkuta nani amekaa kitini.

Kwa mtu wa methadoni kawaida dozi hushushwa kwanza taratibu mpaka 30 mg au chini, kisha husubiriwa siku moja hadi tatu mpaka arosto ya wazi ianze yenyewe, ndipo buprenofini ianze kidogokidogo. Siku hizi wengine huanza na vipande vidogo sana juu ya methadoni bila kungoja. Lakini 8 mg kwa mpigo juu ya 60, hapana.

Mtu_wa_Asubuhi

Asante. Miezi yote hii nilijiona mwoga.

Mwaka_wa_Tatu

Daktari, hapo umenifungua. Basi kama buprenofini ina kazi ya nusu, yule mzee wa Nesi si angepewa hiyo tangu mwanzo? Tumeambiwa ina dari, ukiongeza dozi pumzi haziendelei kushuka.

Fundi_Usingizi

Dari ipo kweli. Watu waliojitolea wakapewa fentanili, pumzi zilishuka kadiri dozi ilivyopanda mpaka zikakatika. Kwa buprenofini zilishuka kiasi, zikabaki palepale hata dozi ilipoongezwa. Cha kupendeza ni kwamba katika dozi hizohizo nafuu ya maumivu iliendelea kupanda. Yaani kuzima pumzi kabisa kunadai msukumo mkubwa kuliko kutuliza maumivu, na buprenofini haina msukumo huo. Na kwa figo mbovu, ndiyo, ni chaguo zuri, kwa kuwa ini ndilo linaloishughulikia.

Lakini nisikuache na dari kama bima. Mtu akichanganya na diazepamu au pombe dari inatoboka, kwa sababu hizo zinazima pumzi kwa mlango mwingine. Na akizima kwa buprenofini, naloksoni ya kawaida huonekana kama maji. Buprenofini inang'ang'ania mno. Unaweza kuhitaji miligramu 2 hadi 4, iende polepole na iendelee, na huku unampumulia kwa begi.

Dada_Mkubwa

Samahani naingilia. Nimekuwa nasoma tu.

Mdogo wangu wa kiume alitumia heroini miaka mitano. Alienda kukaa mahali pa kupona miezi minne, akarudi mnene, anacheka. Siku ya sita baada ya kurudi tulimkuta bafuni. Watu wa pale msibani walisema alizidisha kwa kuwa alikuwa na hamu. Rafiki yake aliyekuwa naye aliniapia kwamba alitumia kiasi kidogo kuliko cha zamani. Sijui nimwamini nani. Mnasema mwili unazoea. Unazoea na kusahau?

Fundi_Usingizi

Dada, pole sana. Mwamini rafiki yake, inawezekana kabisa alisema kweli.

Mwili hausahau kwa namna ya akili, lakini marekebisho uliyofanya unayabomoa. Mtu akitumia kila siku, neva zinapambana na dawa. Vipokezi vinawekewa alama na kutenganishwa na mitambo ya ndani, vingine vinavutwa ndani ya seli. Na mashine ambayo dawa inaizima, ile inayotengeneza ujumbe wa ndani ya seli, inaongezwa ili kufidia. Hapo dozi ya jana haitoshi leo, anaongeza. Akiacha ghafla, dawa imeondoka lakini mashine za ziada bado zipo na zinafanya kazi bila breki. Hiyo ndiyo arosto: neva za noradrenalini kwenye shina la ubongo zinapiga ovyo, ndiyo jasho, kuhara, vinyweleo. Ndiyo maana klonidini huipoza bila kuwa opioidi.

Wiki chache baadaye mashine za ziada zinakuwa zimeondolewa. Miezi minne ni mingi. Mdogo wako alirudi na shina la ubongo la mtu ambaye hajazoea, na kumbukumbu ya dozi ya mtu aliyezoea. Hata nusu ya kile cha zamani inaweza kuwa nyingi. Huo muda wa kwanza baada ya kutoka jela au mahali pa kupona unajulikana kwa vifo, na si kwa sababu watu wana hamu kuliko wengine.

Panya_Mweupe

Naongeza jambo moja, Dada, kama utaniruhusu. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake waliwazoesha panya heroini kwenye chumba kimoja. Kisha wakawapa dozi kubwa. Waliopewa kwenye chumba walichokizoea walikufa kama theluthi. Waliopewa dozi ileile kwenye chumba kigeni walikufa karibu theluthi mbili. Dawa ile, dozi ile, mazoea yale. Mwili unajifunza pia harufu na mahali, unajitayarisha kabla dawa haijafika. Mahali pakibadilika, maandalizi hayaji. Sisemi ndicho kilichotokea bafuni kwenu. Nasema tu kwamba mazoea ya dawa si namba moja iliyoandikwa mwilini.

Dada_Mkubwa

Nimesoma mara tatu. Bafu lile lilikuwa jipya, tulihama akiwa kule. Asanteni.

Nesi_wa_Zamu

Dada pole mno.

Nami sasa nimerudi kwa swali langu la pili. Kama mazoea yapo, mzee wangu wiki tatu alikuwa ameyapata. Kwa nini hayakumlinda?

Fundi_Usingizi

Yalimlinda kwa miligramu 60 kwa siku. M6G ilipojikusanya, kwa ubongo ilikuwa kama mtu amempandishia dozi mara kadhaa ndani ya siku mbili, na mazoea hayakimbii kasi hiyo.

Halafu mazoea hayaji kwa mwendo mmoja kila mahali. Raha na kichefuchefu huzoeleka mapema. Pumzi huzoeleka pia, lakini huchelewa na huwa haikamiliki. Choo kigumu hakizoeleki karibu kabisa, mboni vilevile, ndiyo maana mtu aliyetumia miaka kumi bado ana mboni ndogo. Kwa hiyo mtu anayefuata raha huwa anaongeza dozi haraka kuliko shina lake la ubongo linavyozoea, na nafasi kati ya dozi inayomridhisha na dozi inayomuua inazidi kuwa nyembamba.

Na maumivu yenyewe ni kichocheo cha pumzi. Niliwahi kuwa na mgonjwa wa mguu aliyekuwa anapata mofini nyingi bila shida. Nikamzibia neva ya mguu kwa sindano, maumivu yakaisha, na mofini ileile ikamlaza mpaka pumzi 8. Tangu siku hiyo nikiziba neva napunguza mofini kabla sijatoka chumbani.

Mjuvi

Na kwa nini pumzi huchelewa kuzoea? Umesema tu kwamba huchelewa.

Panya_Mweupe

Swali zuri, na sina jibu moja la kukupa. Kuna wanaosema ni kimeng'enya kiitwacho PKC. Katika panya walioizoea mofini, pombe kidogo tu ilitosha kuyafuta mazoea ya pumzi, wakarudi kuzimika. Hilo linatisha ukifikiria watu wanaonywa na kutumia pamoja.

Kuna wengine walisema kosa liko kwenye arestini, protini inayokuja kukitenga kipokezi baada ya kuchochewa. Mwaka 1999 panya wasio na beta-arestini-2 walionekana kutulizwa zaidi na mofini, na baadaye ikaripotiwa kwamba pumzi zao hazikushuka sana. Ikajengwa ndoto: tengeneza dawa inayokwepa arestini, utapata nafuu bila kifo. Oliseridini ilitoka hapo na ikaidhinishwa Marekani mwaka 2020. Mwaka huohuo maabara tatu tofauti zikaripoti kwamba zimerudia jaribio la panya wasio na arestini, na pumzi zao zilishuka kama za wengine.

Fundi_Usingizi

Na oliseridini imetoka na onyo lilelile la kuzima pumzi. Mimi naona hizi dawa mpya ni agonisti nusu zilizovaa nguo nyingine. Usalama wao, kama upo, unatoka kwenye msukumo mdogo, si kwenye kukwepa arestini.

Panya_Mweupe

Kuna wanaokubaliana nawe na wameandika hivyo. Mimi sijaridhika. Msukumo mdogo unapimwaje, kwenye seli gani, dhidi ya dawa gani? Ukibadilisha kipimo, dawa ileile inahama kutoka nusu kwenda kamili. Tusibishane hapa tukamchosha Nesi.

Nesi_wa_Zamu

Hamnichoshi. Ila nataka kujua, siku nyingine nifanyeje na ampulo ile, maana sitaki tena kumwona mtu anaamka kwa kelele zile.

Fundi_Usingizi

Kwanza mshike taya, mwamshe, mkumbushe kupumua. Wengine huvuta pumzi ukiwaambia. Kama pumzi hazitoshi, mpumulie kwa begi huku mwenzako anaandaa dawa. Kinachomuua ni kukosa hewa, na begi halina foleni.

Chukua ile 0.4 mg, iongezee maji ya chumvi mpaka mililita 10. Kila mililita sasa ina 0.04 mg. Mpe mililita moja au mbili, subiri dakika mbili tatu, hesabu pumzi, rudia. Unachotafuta ni pumzi zaidi ya 10 na mtu anayeamshika. Hutafuti mtu aliyeketi anaongea. Ukisimama hapo, maumivu yake yanabaki yametulizwa.

Tuseme mzee wako angefika hapo kwa mililita 3, yaani 0.12 mg. Dripu ya kuendelea huanza kwa theluthi mbili za dozi hiyo kila saa, ambayo ni 0.08 mg. Kisha unakaa naye. Akianza kukoroma unaongeza, akianza kutoka jasho na kulalamika maumivu unapunguza. Na mofini ya saa 4 inayofuata haitolewi. Nimeona naloksoni inaning'inia upande mmoja, na upande wa pili mgonjwa anapewa kikombe chake cha mofini kwa sababu kadi imeandikwa hivyo.

Haya ni kwa mgonjwa wa wodini mwenye mtu wa kumpumulia. Mtu aliyekutwa bafuni hapumui, hakuna begi wala mshipa, hapo mpe yote mara moja, puani au msulini.

Nesi_wa_Zamu

Daktari, kikombe kile nusura nimpe mimi. Saa kumi alfajiri ilikuwa zamu yake ya dozi.

Mzee bado yupo. Usiku ule walimwekea dripu baada ya kuzima mara ya pili, ikakaa saa 30. Walimtoboa kupunguza mkojo uliozuiliwa kwenye figo, kreatinini imeshuka mpaka 190. Mofini imesimamishwa, sasa ana kiraka cha fentanili kifuani. Jana aliniuliza, "nesi, usiku ule nilikuwa naota nazama, ilikuwa nini?"

Mwaka_wa_Tatu

Dada Nesi, kiraka hicho kikibanduliwa, dawa inaisha mwilini muda gani?

Fundi_Usingizi

Haiishi mara moja. Ngozi chini yake imeshakuwa ghala, nusu ya kilicho kwenye damu huchukua kama saa 17 au zaidi kupungua. Nesi, akipata homa niambie, joto linafanya ghala hilo litoe haraka. Na hakikisha ndugu hawamwekei chupa ya maji ya moto kifuani.

Nesi_wa_Zamu

Chupa ipo. Naenda kuitoa.